Simu ya Samsung kutoka Muskati, menyu za Kiarabu na macho yenye presha

*"Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 63, naishi Tanga. Nina presha ya macho, natumia dawa ya matone, na safari iliyopita daktari aliniambia mtoto wa jicho naye ameanza. Mwanangu aliyeko Muskati kanitumia simu yake ya Samsung. Kila kitu ni Kiarabu. Herufi nazijua kwa kuwa nilisoma chuoni, ila maneno siyaelewi, na ni madogo mno. Juzi mjukuu alikuwa anabonyezabonyeza vitufe vya pembeni, sasa simu inasema Kiarabu kila nikiigusa na haifungui kitu. Fundi anataka aifute yote aanze upya. Nifanyeje? Ikishatulia, inaweza kunisomea meseji kwa Kiswahili? Na hii ya kugeuza skrini iwe nyeusi, ni kweli inapunguza presha ya macho?"*

Shikamoo Mwalimu. Fundi asiiguse kwanza. Simu haijaharibika wala haina kirusi. Mjukuu amewasha kisoma skrini kiitwacho TalkBack, ambacho kimo ndani ya simu tangu kiwandani kwa ajili ya watu wasioona au wenye uoni hafifu. Njia yake ya mkato ni hiyo hiyo aliyoibonyeza bila kujua: vitufe viwili vya sauti, cha kupandisha na cha kushusha, vikishikwa kwa pamoja kama sekunde 3. Kuizima ni vivyo hivyo. Shikilia vyote viwili kwa wakati mmoja, usiachie mpaka usikie simu imesema kitu au imetetemeka, kisha gusa skrini. Ikinyamaza na kufunguka kama zamani, umemaliza.

Wakati mwingine kidole kimoja hutangulia na simu hupandisha sauti tu. Rudia mpaka vishuke pamoja. Ikikataa kabisa, bado unaweza kuitumia simu hivyo hivyo ilivyo, ukijua kanuni zake tatu. TalkBack ikiwa imewashwa, kugusa mara moja hakufungui kitu. Kunachagua tu: utaona fremu ya rangi imezunguka kile ulichokigusa, na sauti inakitaja. Ili kukifungua, gusa mara mbili haraka haraka, popote pale kwenye skrini. Na kusogeza ukurasa juu au chini kunafanywa kwa vidole viwili, si kimoja. Hata kufungua skrini iliyojifunga unapandisha vidole viwili, na kila tarakimu ya namba ya siri unaichagua kwanza, halafu unaigusa mara mbili. Ndiyo maana ulidhani haifungui kitu. Ilikuwa inasubiri mguso wa pili.

Kwa njia hiyo ya mara mbili unaweza kuingia kwenye mipangilio, alama ya gurudumu lenye meno, ambayo kwa Kiarabu imeandikwa الإعدادات. Shuka kwa vidole viwili mpaka kwenye umbo la mtu aliyenyosha mikono. Hapo ndipo ilipo sehemu ya ufikivu, kwa Samsung huandikwa إمكانية الوصول. Ndani yake jina TalkBack limeachwa kwa herufi za Kilatini, kwa hiyo hulikosi. Lifungue, kisha zima swichi ya juu.

Kuhusu kuifuta simu: anachotaka fundi kingezima TalkBack, kweli, lakini kingekuletea shida kubwa zaidi. Simu yenye akaunti ya Google, ikifutwa kwa vitufe bila akaunti hiyo kuondolewa kwanza, ikiwaka tena hudai anwani na nenosiri la akaunti iliyokuwemo. Simu ilikuwa ya mwanao, na huenda akaunti ni yake. Kama hakumbuki nenosiri, simu itakwama kwenye ukurasa huo. Mpigie kabla hujaiachia mtu, na umwulize akaunti ni ya nani.

Sasa tuingie kwenye lugha, maana hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Simu ina lugha ya menyu, yaani maneno unayoyaona kwenye mipangilio na vitufe. Ina lugha ya sauti, yaani matamshi anayotumia msomaji wa ndani. Kisha kuna lugha ya kilichoandikwa, kwa mfano meseji ya dada yako kutoka Pangani. Kila moja inajitegemea. Mtu akiambiwa simu yake haina Kiswahili kwenye menyu, hukata tamaa akidhani haitamsomea Kiswahili. Si kweli. Menyu zinaweza kuwa za Kiingereza na sauti ikawa ya Kiswahili.

Tuanze na menyu. Fungua الإعدادات, shuka mpaka الإدارة العامة, ndiyo usimamizi wa jumla. Ndani, juu kabisa, kuna اللغة, lugha. Ukiigusa utaona Kiarabu kilichopo na chini yake mstari wenye alama ya kujumlisha, wa kuongeza lugha. Orodha itakayofunguka ndiyo ahueni yako, kwa sababu kila lugha humo imeandikwa kwa jina lake na kwa herufi zake yenyewe. Kiswahili kikiwemo kitaandikwa Kiswahili, na Kiingereza kimeandikwa English, kwa herufi ulizofundishia miaka yote. Orodha hiyo hutegemea soko simu ilikouzwa, kwa hiyo Kiswahili kikikosekana kwenye simu ya Ghuba usishangae. Chagua English, na ukiulizwa nchi chagua yoyote. Litatokea dirisha lenye vitufe viwili, kimoja cha kubaki na lugha ya sasa, kingine cha kuifanya mpya kuwa ya msingi. Ukibonyeza kisicho sahihi hakuna kilichoharibika, English imeshaingia kwenye orodha. Iguse humo, uthibitishe, na menyu zote zitageuka papo hapo.

Kabla hazijageuka, kumbuka kwamba simu ya Kiarabu imepangwa kulia kwenda kushoto. Mshale wa kurudi nyuma uko juu kulia, na swichi za kuwasha na kuzima ziko upande wa kushoto wa mstari, ambako jicho lako halitazitafuta. Nimewaona watu wenye uoni mzuri wakigusa upande mtupu wa mstari na kusema simu imegoma. Na hayo maandishi uliyosomea chuoni yalikuwa na irabu zake, fatha na kasra na dhumma. Ya simu hayana, na nukta zinazotofautisha ب na ت na ث ndizo za kwanza kupotea jicho likichoka. Usijilaumu kwa kutoyasoma. Kama kuna kijana nyumbani mwenye simu yake, afungue Google Lens au kamera ya Google Translate, aielekeze kwenye skrini ya simu yako, na Kiarabu kitatokea kimefasiriwa hapo hapo. Hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko kubahatisha.

Kuna hatari moja ndogo katika simu ya Kiarabu inayogusa fedha, nayo ni tarakimu. Zikiandikwa kwa mtindo wa mashariki, tano ni ٥, ambayo kwa jicho hafifu ni sifuri kamili, na sifuri yenyewe ni nukta, ٠, ambayo hupotea. Sita ni ٦, inayofanana na saba yetu iliyogeuzwa. Kiasi kama ٥٥٠, yaani mia tano na hamsini, kinaweza kusomeka sifuri mbili na uchafu wa kioo. Usitume wala kupokea fedha kwa simu hiyo kabla menyu hazijabadilika, na hata zikishabadilika tazama saa na tarehe ya skrini: zikionekana kwa tarakimu tulizozoea, umevuka.

Sasa sauti. Hapa Samsung ina mtego wake. Simu hizo huja na injini ya sauti ya Samsung yenyewe, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, na orodha ya lugha zake ni fupi. Mtu hufungua orodha hiyo, hakioni Kiswahili, anafunga akidhani yameisha. Injini inayojua Kiswahili ni ya Google, na kwa kawaida iko ndani ya simu tayari ila haijachaguliwa. Menyu zikiwa English, fungua Settings, kisha General management, halafu Text-to-speech. Juu utaona Preferred engine. Ifungue na uchague ile yenye neno Google. Ukirudi, pembeni ya jina hilo kuna gurudumu dogo. Liguse, ingia Install voice data, tafuta Kiswahili, ubonyeze alama ya kupakua. Fanya hivi ukiwa na Wi-Fi, kwani sauti isiyopakuliwa hukwama mtandao ukipotea, na hapo simu hukaa kimya bila kueleza kwa nini.

Bado hujamaliza. Rudi ukurasa wa Text-to-speech, kwenye mstari wa Language. Kwa kawaida umewekwa ufuate lugha ya mfumo, kwa hiyo kama menyu ni English sauti nayo itakuwa ya Kiingereza hata kama umepakua Kiswahili. Hii ndiyo hatua inayosahaulika kuliko zote. Ibadilishe iwe Kiswahili kwa mkono wako, halafu bonyeza Play usikie mfano. Na mstari wa Speech rate urudishe nyuma kidogo. Sauti ya kawaida ya kiwandani ni ya haraka kwa mtu anayeanza.

Utajuaje kama bado sauti si sahihi? Mwombe mtu akutumie meseji hii: "Ng'ombe wameingia shambani saa tisa." Sauti ya Kiingereza itaikwaruza: "ng'ombe" litavunjika vipande, "saa tisa" litakuwa kitu kisichojulikana, na mkazo utakaa penye silabi ya kwanza badala ya ile ya pili kutoka mwisho. Sauti ya Kiarabu kwa herufi za Kilatini hufanya vibaya zaidi, wakati mwingine inataja herufi moja moja au inaruka. Sauti ya Kiswahili itaisoma kama mtangazaji anayesoma polepole. Na yenyewe ina upungufu wake: ikikutana na neno la Kiingereza kwenye menyu hulitamka kwa kanuni zetu, kila irabu ikisikika, mpaka "Settings" inakuwa kama jina la mtaa wa Ngamiani. Utaizoea. Ukitaka kubadilisha katikati ya matumizi ya TalkBack, shusha kidole kisha ukipeleke kulia bila kukiinua, menyu yake itafunguka, na humo kuna mahali pa kuchagua lugha ya kusema kati ya zile ulizopakua.

Hapo nimejibu kusomewa. Lakini swali la macho yako ni kubwa zaidi ya sauti, na sitaki uondoke hapa ukiwa umeongeza tu herufi hadi mwisho kama wengi wanavyofanya. Magonjwa mawili uliyoyataja hayaharibu uoni kwa namna moja. Glakoma, ambayo tunaiita presha ya macho, huua nyuzi za mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, na kwa kawaida hula pembezoni kwanza, katikati ikibaki hadi mwishoni. Pia hupunguza uwezo wa kutofautisha kijivu na kijivu kilichokaribia, na ndiyo maana maandishi mepesi ya kijivu kwenye skrini nyeupe hukutoka. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi. Mwanga ukipita katika ukungu huo hutawanyika, kwa hiyo skrini nyeupe ing'aayo humwagika juu ya herufi na kuzifuta, hasa usiku.

Kwa hiyo wewe una matakwa mawili yanayovutana. Ukungu unataka herufi ziwe kubwa na nene. Uwanja wa kuona uliobana unataka ziwe za kiasi, kwa sababu herufi zikiwa kubwa mno, mstari unabeba maneno mawili tu, na jicho lako linalazimika kurukaruka kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata. Mtu mwenye glakoma iliyoendelea mara nyingi husoma polepole zaidi kwa herufi kubwa kupita kiasi kuliko kwa za wastani. Mwenye ugonjwa wa katikati ya retina yeye ni kinyume, kila akiongeza anafaidika. Ndiyo sababu usinakili mpangilio wa rafiki yako mwenye miwani mizito.

Fanya hivi. Fungua Settings, Display, kisha Font size and style. Washa Bold font kwanza, kabla hujagusa ukubwa, kwa sababu unene husaidia bila kuongeza upana mwingi. Kisha sogeza kitelezi hatua moja. Rudi kwenye meseji yako ndefu ya WhatsApp, ishike simu umbali wa sentimeta 40 hivi, usome kwa sauti aya nzima. Ongeza hatua moja, usome tena. Simama pale ambapo hukodoi macho lakini mstari bado unabeba maneno manne au matano. Kwa wengi wenye mchanganyiko kama wako, hapo ni mahali fulani katikati ya kitelezi, si mwisho wake. WhatsApp kwenye Android ina ukubwa wake wa ziada, uko Settings za humo, Chats, Font size. Hiyo inagusa mazungumzo tu, kwa hiyo unaweza kukuza meseji bila kuvuruga menyu nyingine. Screen zoom nayo ni kitu tofauti: inakuza kila kitu, vitufe na nafasi pamoja na herufi. Ukiipandisha juu pamoja na herufi, vitufe vya chini kama cha kuthibitisha vinaweza kusukumwa nje ya skrini. Ukiona ukurasa wa malipo hauna kitufe, jaribu kusogeza ukurasa juu, na kama bado hakionekani, punguza Screen zoom hatua moja kabla hujaamini programu imeharibika.

Nikuonye kuhusu ukuzaji wa kugusa mara tatu, unaoitwa Magnification. Ni mzuri kwa kuona risiti iliyopigwa picha, lakini ukiwashwa kwa mguso wa mara tatu, simu husubiri kidogo baada ya kila mguso kuona kama utaugusa tena, na watu huiona nzito. Ukiutaka, uweke kwa kitufe kidogo cha pembeni, si kwa mguso wa mara tatu.

Kuhusu nyeusi. Hakuna mpangilio wa rangi unaotibu glakoma, na hakuna unaochukua nafasi ya matone. Ile habari kwamba skrini nyeusi inashusha presha ya macho haina msingi, na hatari yake ni kwamba mtu anaweza kulegeza dawa akidhani amejipunguzia. Kinachofanywa na skrini nyeusi ni kupunguza mwanga unaotawanyika kwenye ule ukungu wa lenzi, kwa hiyo unaona herufi nyeupe zimekaa wazi. Ni ahueni ya mtoto wa jicho, na wewe unaye, kwa hiyo unaihitaji.

Kuna njia mbili za kuipata na watu huzichanganya. Dark, iliyo juu kabisa ya ukurasa wa Display, huwaambia programu zitumie sura yake ya giza, na picha hubaki kama zilivyo. Color inversion, iliyo Accessibility, Vision enhancements, huchukua kila nukta ya skrini na kuigeuza kinyume chake. Picha ya mjukuu itatokea kama negativu za filamu za zamani, ngozi bluu na meno meusi. Anza na Dark. Iwapo programu fulani unayoihitaji inabaki nyeupe, hapo ndipo Color inversion inakufaa, kwa muda, kisha unaizima.

Zisiwashwe zote mbili. Simu yenye Dark imeshafanya programu kuwa nyeusi, na Color inversion inaigeuza tena kuwa nyeupe, na mtumiaji hulalamika kwamba "nimewasha weusi mara mbili na skrini ni nyeupe." Ukiona hivyo, jua hilo ndilo tatizo, zima moja. Jambo lingine la kukuchanganya: ukipiga picha ya skrini wakati Color inversion imewashwa na kumtumia mwanao, yeye ataona rangi za kawaida, kwa sababu ugeuzaji unafanyika mwishoni kabisa, kwenye kioo chako tu. Usidhani anakudharau akisema haoni tatizo. Ongeza na High contrast fonts, iko ukurasa ule ule wa Vision enhancements. Kwa glakoma ndiyo inayorudisha yale maandishi ya kijivu yaliyopotea.

Je, TalkBack ubaki nayo? Kwa hali uliyoeleza, ya mtu anayeona menyu akikuza, sikushauri uwe nayo muda wote. Imeundwa kwa asiyetumia macho kabisa, na inabadilisha kila mguso, utachoka siku ya kwanza. Kilicho kiwango chako ni Select to Speak. Kinakaa Accessibility, wakati mwingine kimejificha ndani ya Installed apps. Ukikiwasha kinakupa kitufe kidogo pembeni. Unakigusa, kisha unagusa meseji, nayo inasomwa kwa ile sauti ya Kiswahili uliyoipakua. Usipoigusa, simu ni ya kawaida. Simu itakuonya kwamba kipengele hiki kinaweza kuona yaliyo kwenye skrini. Ni kweli, na ni lazima, kwani hakiwezi kusoma kisichoonekana. Kipe ruhusa hiyo kwa sababu kimetoka kwa watengenezaji wa mfumo wenyewe, lakini usiipe programu nyingine yoyote inayoomba ruhusa ya Accessibility kwa maelezo ya kukopesha pesa au kuongeza kasi ya simu. Hizo ndizo zinazoiba namba za siri.

TalkBack jifunze taratibu ukiwa bado unaona, nusu saa mara moja moja, na mtu pembeni. Sababu yake ni ya wazi: glakoma haimrudishii mtu kilichopotea, na ni rahisi kujifunza ishara za vidole leo ukiwa na macho ya kukusahihisha kuliko kesho gizani. Unapofanya mazoezi, njia ya mkato ya vitufe vya sauti iache ilivyo, uweze kutoka wakati wowote. Ukiwa hufanyi mazoezi na mjukuu yupo, izime ndani ya ukurasa wa TalkBack kwenye mstari wa TalkBack shortcut.

Kuhusu hospitali. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji, na kwa mwenye glakoma daktari hupanga lini na kwa namna gani kwa kuangalia mshipa na presha pamoja. Usingoje daktari akutajie tu kama safari iliyopita, muulize waziwazi. Idara ya macho ya KCMC Moshi na CCBRT Dar es Salaam wana wahudumu wanaopima uoni hafifu na kukupa lenzi za kukuza. Uende na simu hiyo hiyo mkononi ikiwa tayari imepangwa, umwonyeshe mtaalamu ukubwa unaousoma. Kipimo hicho ni chako pia: andika mahali kwamba leo unasoma kwenye hatua ya nne ya kitelezi, mfano. Baada ya miezi mitatu ukijikuta umesogea hadi ya sita bila kupenda, usiongeze tena, panda gari uende kupimwa. Na maumivu makali ya jicho, wekundu, miduara ya rangi kuzunguka taa, kichefuchefu au uoni kushuka kwa saa chache, hayo ni ya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mianga inayomulika, nukta nyingi mpya zinazoelea au pazia linaloshuka upande mmoja, vivyo hivyo.

Mwisho, kuhusu namba zako za siri. Ukiwa unajifunza TalkBack na unaingia kwenye huduma ya fedha, tumia spika za masikioni. Kwenye mipangilio ya TalkBack kuna swichi ya kutaja nenosiri, izime, ili unapogusa tarakimu ya siri isizitangaze mbele ya watu dukani.